Fao la uzazi la NSSF kwa mwanachama anayefanya kazi Bara na kujifungulia Unguja au Pemba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unamhusu mwanamke aliyeajiriwa Dar es Salaam, Tanga au kwengineko Bara, anayechangia Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF), na ambaye siku za kujifungua zikikaribia hurudi kwao Visiwani kukaa uzazini kwa mama yake. Dai lake ni sawa na la mwanachama mwengine yeyote, lakini karatasi zake hutoka pande mbili za bahari, na huko ndiko matatizo mengi yanakoanzia.

## Mambo ya msingi

Mimi ni mzaliwa wa Pemba. Je, ninadai ZSSF au NSSF?

Mfuko unaodaiwa ni ule uliopokea michango yako. Asili yako, ukaazi wako na mahali utakapojifungulia havibadilishi jambo hili. Aliyeajiriwa na mwajiri wa Zanzibar huchangia Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar (ZSSF), ambao nao una fao la uzazi kwa masharti yake wenyewe, na dai lake hupelekwa katika ofisi za mfuko huo za Unguja au Pemba. Aliyeajiriwa na kampuni binafsi Bara kwa kawaida huchangia NSSF, na mtumishi wa umma wa Bara au wa Serikali ya Muungano huchangia PSSSF. Majibu yote yanayofuata ni ya mwanachama wa NSSF.

Kama huna hakika, tazama hati yako ya mshahara. Jina la mfuko huandikwa pembeni mwa kiasi kilichokatwa.

Fao la uzazi ni kitu kimoja na likizo ya uzazi?

Ni vitu viwili, na kila kimoja kina mdaiwa wake. Likizo yenye malipo ni wajibu wa mwajiri chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: siku 84 kwa mtoto mmoja, na siku 100 kwa waliozaliwa zaidi ya mmoja kwa pamoja. Fao la uzazi ni fedha zinazolipwa na Mfuko kwa sababu umechangia. Mwajiri anayekwambia kwamba hatakulipa mshahara wa likizo kwa kuwa utalipwa na NSSF anachanganya mambo hayo mawili, na hupaswi kulikubali jibu hilo kwa mdomo tu. Mwombe aliandike.

Ni masharti gani ya michango ninayopaswa kuyatimiza?

Masharti ni mawili na yote lazima yatimie. La kwanza ni kuwa na michango ya miezi isiyopungua 36 kwa jumla. La pili ni kwamba, katika miezi 36 inayotangulia kujifungua, uwe umechangia angalau miezi 12. Sharti la pili linamgusa zaidi yule aliyefanya kazi miaka mingi, akaacha, kisha akarudi kazini karibuni: jumla yake ni kubwa, lakini miezi ya karibuni haitoshi.

Miezi inayohesabiwa ni ile ambayo mchango wake umeingia katika kumbukumbu za Mfuko. Mwezi uliofanya kazi na ukakatwa fedha, lakini mwajiri hakuzipeleka, hauonekani katika hesabu hiyo mpaka uthibitishwe. Tazama mfano uliofafanuliwa katika sehemu ya michango iliyokosekana.

Mume wangu ni mwanachama wa NSSF, mimi sichangii. Naweza kulipwa kwa michango yake?

Hapana. Fao hili ni la mwanamke mwanachama mwenyewe.

## Kiasi cha fao

Fao hukokotolewa vipi?

Mfuko huchukua mapato yako ya miezi sita inayotangulia wiki ya 20 ya ujauzito, hupata wastani wa mapato ya siku moja, na hulipa wastani huo kwa ukamilifu wake, yaani asilimia 100, kwa muda wa wiki 12. Wiki nne kati ya hizo ni za kabla ya kujifungua na nane ni za baada yake.

Tuchukue mfano wa mfanyakazi wa duka la dawa Kariakoo, mwenyeji wa Wete, ambaye daktari amemkadiria kujifungua tarehe 10 Oktoba 2025. Ujauzito huhesabiwa wiki 40, kwa hiyo wiki ya 20 yake inatimia wiki 20 kabla ya tarehe hiyo, ambayo ni tarehe 23 Mei 2025. Miezi sita kamili iliyotangulia ni kuanzia Novemba 2024 hadi Aprili 2025. Katika Novemba, Disemba na Januari alilipwa shilingi 540,000 kwa mwezi. Kuanzia Februari aliongezwa, akawa anapata shilingi 600,000. Jumla ya miezi sita ni shilingi 3,420,000. Tukichukua kila mwezi kuwa siku 30, wastani wa siku unakuwa shilingi 19,000. Kwa siku 84 fao lake ni shilingi 1,596,000, na kati ya hizo shilingi 532,000 ni za wiki nne za mwanzo na shilingi 1,064,000 ni za wiki nane za baadaye.

Mambo mawili yanaonekana katika mfano huu. Kwanza, nyongeza ya mshahara iliyopatikana Juni au Julai haimsaidii kitu, kwa kuwa dirisha la hesabu limeshafungwa. Pili, tarehe ya makadirio iliyoandikwa katika kadi ya kliniki ndiyo inayoamua ni miezi ipi itakayohesabiwa, na kwa hiyo kadi iliyoandikwa ovyo inaweza kukuhamishia dirisha zima kwenda kwenye miezi ya mshahara mdogo.

Posho ya usafiri na malipo ya saa za ziada yamo katika hesabu?

Kinachozingatiwa ni mapato ambayo mchango wake ulikatwa na kupelekwa. Wapo waajiri wanaotangaza mshahara mdogo kwa Mfuko na kumlipa mfanyakazi sehemu nyengine mkononi. Mfanyakazi huona kwamba amepunguziwa makato, na wakati wa uzazi ndipo anapotambua kuwa wastani wake nao umepunguzwa. Linganisha kiasi kilichokatwa na mshahara wako halisi. Mchango kamili wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu ya mfanyakazi haizidi nusu yake. Kwa mshahara wa shilingi 600,000 Mfuko unapaswa kupokea shilingi 120,000 kila mwezi. Ikiwa taarifa yako ya michango inaonyesha shilingi 60,000 tu, basi kuna nusu iliyopotea njiani, au mshahara uliotangazwa si ule unaoupokea.

## Vielelezo vinavyotakiwa

Niandae karatasi gani?

Kabla ya kuondoka Bara, hakikisha unazo hizi:

- fomu ya madai ya fao la uzazi, ikiwa imejazwa sehemu yako, na sehemu ya mwajiri imejazwa, imesainiwa na kupigwa muhuri;
- kadi ya uanachama au namba yako ya uanachama, pamoja na nakala ya kitambulisho chako;
- uthibitisho wa daktari wa ujauzito na tarehe ya makadirio, pamoja na nakala ya kadi ya kliniki;
- hati za mshahara za miezi sita inayotangulia wiki ya 20;
- barua ya mwajiri inayothibitisha ajira yako na likizo uliyopewa;
- taarifa ya akaunti ya benki iliyo kwa jina lako mwenyewe.

Baada ya kujifungua utaongeza uthibitisho wa hospitali kwamba umejifungua, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Peleka nakala na uonyeshe asili pale inapohitajika. Asili zibaki mikononi mwako.

Kwa nini nisizikusanye zote nikisharudi kazini?

Kwa sababu ya muhuri wa mwajiri. Karatasi hiyo moja huwachelewesha watu kuliko nyengine zote. Aliyekwisha panda boti hadi Mkoani hawezi tena kumfuata ofisa rasilimali watu mlangoni, na simu hujibiwa "tunalishughulikia" wiki baada ya wiki. Mwajiri lazima apewe taarifa ya ujauzito angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya makadirio, ikiambatana na cheti cha daktari. Itumie siku hiyohiyo: ukimpelekea barua ya kuomba likizo, mpelekee na fomu ya madai aijaze, na uombe nakala yako ya barua igongwe muhuri wa kupokelewa.

Kwa mfanyakazi wetu wa Kariakoo, barua hiyo ingepaswa kufika isizidi tarehe 10 Julai. Likizo yake ingeweza kuanza wakati wowote kuanzia wiki nne kabla ya makadirio, yaani tarehe 12 Septemba.

Nimeanza kliniki Temeke na nitaimalizia Chake Chake. Kadi mbili zina tatizo?

Hazina tatizo ikiwa zinasomana. Chukua kadi ya Bara uende nayo, uionyeshe katika kliniki ya Pemba, na uombe tarehe ya makadirio iendelee kuwa ileile, isipokuwa kama daktari ameibadilisha kwa sababu ya kitabibu. Ikibadilishwa, aandike sababu na asaini. Ofisa wa madai akikuta kadi moja inasema Oktoba na nyengine inasema Novemba bila ya maelezo, hana njia ya kujua dirisha la miezi sita lianze wapi, na atalirudisha jalada.

## Kujifungua na cheti cha mtoto

Mtoto akizaliwa Pemba, cheti chake hutolewa na nani?

Hutolewa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, uliowekwa kwa Sheria Namba 3 ya mwaka 2018. RITA husajili vizazi vya Bara. Baadhi ya maofisa wa rasilimali watu huko Bara wamezoea kuona cheti cha RITA tu na humwambia mfanyakazi aende akatafute "cheti sahihi". Usiende kumsajili mtoto mara ya pili Dar es Salaam ili kumridhisha mtu. Kizazi husajiliwa pale kilipotokea, na usajili wa pili unakuachia mtoto mwenye vyeti viwili, jambo litakalomsumbua tangu kuandikishwa skuli hadi kuomba pasipoti.

Nikijifungulia hospitali nitoke na karatasi gani mkononi?

Usitoke hospitali ya Abdalla Mzee, ya Wete au nyengine yoyote bila ya karatasi ya kuthibitisha kizazi na muhtasari wa kuruhusiwa, zenye jina lako kamili, tarehe na saa ya kuzaliwa, jinsi ya mtoto, namna ulivyojifungua, na muhuri unaosomeka. Zisome ukiwa bado wodini. Kosa la herufi moja hurekebishwa na muuguzi kwa dakika chache siku ileile. Baada ya mwezi, daftari limeshafungwa na aliyeandika yuko zamu nyengine.

Nimejifungulia nyumbani kwa mkunga. Je, nimepoteza fao?

Hujapoteza, lakini uthibitisho lazima uutafute mapema. Mpeleke mtoto na ujipeleke mwenyewe kituo cha afya kilicho karibu ndani ya siku za mwanzo, ili mchunguzwe na iandikwe kwamba umejifungua. Kisha usajili wa kizazi upitie kwa sheha wa shehia alipozaliwa mtoto, ambaye ndiye anayeweza kuthibitisha tukio lililotokea nje ya hospitali. Barua ya sheha peke yake haichukui nafasi ya cheti. Kazi yake ni kukufikisha kwenye cheti.

Niko ndani ya arubaini na sisafiri. Nani apeleke dai?

Mtu mwengine anaweza kukupelekea karatasi, awe mume, kaka au mfanyakazi mwenzako, akiwa na barua yako ya kumruhusu, nakala ya kitambulisho chako na nakala ya chake. Fedha haziingii kwake, kwa kuwa malipo hufanywa kwenye akaunti ya mwanachama. Ukweli ni kwamba aliyeacha sehemu ya kwanza ya jalada Bara kabla ya kusafiri hubakiwa na kazi ndogo: cheti cha mtoto na karatasi ya hospitali tu.

Nawashauri wanaouliza wajiwekee ukomo wao wenyewe, kwamba dai liwe limekamilika kabla ya siku 84 za likizo kwisha. Arubaini ikitoka, siku za likizo zilizosalia baada ya kuondoa wiki nne za kabla ya uzazi ni chache kuliko watu wanavyodhani. Mfanyakazi wetu aliyeanza likizo tarehe 12 Septemba na kujifungua tarehe 12 Oktoba anatoka arubaini karibu na tarehe 21 Novemba, na likizo yake inakwisha tarehe 4 Disemba. Ana wiki mbili tu za kwenda kwa miguu yake. Ikiwa usajili wa mtoto bado haujaanza wakati huo, hatazifikia.

## Majina yasiyolingana

Katika NSSF ninaitwa Hadija, katika kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi ni Khadija. Litakataliwa?

Litasimamishwa mpaka utofauti uelezwe. Jambo hili huwapata sana watu wa Visiwani: "Kh" iliyoachwa, "Fatma" iliyogeuzwa "Fatuma", au jina la babu lililoachwa kwa sababu fomu ya kujiunga ilikuwa na nafasi mbili tu. Suluhisho ni kusahihisha kumbukumbu za uanachama kwanza, ukipeleka kitambulisho na cheti chako cha kuzaliwa, au kuwasilisha hati ya kiapo inayosema kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja.

Lifanye hili kabla ya kujifungua, na lifanye kwa jina la kitambulisho. Usimwombe karani wa hospitali aandike jina la makosa ili lifanane na kadi ya NSSF. Ukifanya hivyo, kosa litahamia kwenye cheti cha mtoto, katika nafasi ya jina la mama.

## Michango iliyokosekana

Nimefanya kazi zaidi ya miaka mitatu lakini nimeambiwa sitimizi miezi 36. Inawezekanaje?

Turudi kwa mfanyakazi wetu. Alianza kazi Juni 2022. Hadi mwisho wa Septemba 2025 amefanya kazi miezi 40, na kila mwezi alikatwa. Aliomba taarifa ya michango akakuta miezi 35, kwa sababu kuanzia Machi hadi Julai 2023 mwajiri alikata na hakupeleka. Sharti la miezi 12 ya karibuni analitimiza bila ya shaka, na wastani wake wa mapato haujaguswa kwa kuwa miezi iliyokosekana iko mbali na dirisha la hesabu. Bado, kwa upungufu wa mwezi mmoja tu, hastahiki.

Alipaswa kufanya mambo haya kwa mpangilio wake. Kwanza, achukue taarifa ya michango ya Mfuko na aweke alama kwenye miezi iliyo wazi. Pili, atoe hati za mshahara za miezi hiyo mitano, zinazoonyesha kwamba fedha zilikatwa. Hizi ndizo silaha yake, na asiye nazo atabaki na maneno. Tatu, amwandikie mwajiri akitaja miezi kwa majina na kumtaka alipe malimbikizo. Nne, apeleke nakala ya barua hiyo na vielelezo vyake katika ofisi ya NSSF inayomsimamia mwajiri, kwani kukusanya michango ni mamlaka ya Mfuko, na mwanachama hana haja ya kugombana na tajiri wake peke yake.

Mwajiri akilipa, usichukue neno lake. Omba taarifa nyengine ya michango uione miezi ile imejaa.

Niiangalie taarifa ya michango wakati gani?

Siku unayojua kuwa ni mjamzito. Ukiiangalia wakati huo una miezi mingi ya kurekebisha, na ukiiangalia siku ya kupeleka dai unakuwa umechelewa hata kama haki ni yako.

## Hali zisizo za kawaida

Nilijifungua mwaka juzi na nililipwa. Naweza kudai tena?

Fao hulipwa mara moja katika kipindi cha miaka mitatu. Ikiwa mtoto wa kwanza alifariki kabla ya kutimiza miezi 12, kizuizi hicho hakikuhusu, na utaambatisha cheti cha kifo pamoja na vielelezo vilivyotajwa juu. Likizo nayo huenda kwa mzunguko wa miezi 36, na sheria ya ajira inampa mama siku 84 nyengine zenye malipo ndani ya mzunguko uleule iwapo mtoto amefariki ndani ya mwaka mmoja.

Nimejifungua pacha. Fao linaongezeka?

Kinachoongezeka ni likizo, kutoka siku 84 hadi 100. Fao la Mfuko hupimwa kwa wiki 12, kama lilivyoelezwa katika sehemu ya kiasi cha fao. Cheti cha kila mtoto kichukuliwe.

Niliteleza ghalani kazini nikiwa na ujauzito wa miezi sita. Dai lipelekwe wapi?

Hayo ni madai mawili yanayokwenda ofisi mbili. Kuumia kazini kwa mfanyakazi wa Bara hushughulikiwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ambao huchangiwa na mwajiri peke yake, na ajali lazima itolewe taarifa ndani ya miezi 12. Vielelezo vyake ni vya ajali: taarifa ya mwajiri, ripoti ya daktari kuhusu jeraha, na uthibitisho wa siku ulizoshindwa kufanya kazi. Fao la uzazi linabaki NSSF.

Mwombe daktari akuandikie ripoti mbili zilizotengana. Ripoti moja inayochanganya maumivu ya mgongo yaliyotokana na kuteleza na hali ya ujauzito itaulizwa na ofisi zote mbili, na kila moja itataka kujua ni siku zipi za kutokwenda kazini zilizo za mwenzake.